Kanzu Iliyofuliwa Mara Tano

Mume wangu alikuwa na daftari, mimi nilikuwa na kanzu yake, na ilipofika wiki ya saba hesabu zetu mbili zilikataa kukutana. Daftari lilisema mambo yanakwenda vizuri. Kanzu ilisema tumekwisha.

Ilikuwa Jumapili alasiri, mwezi wa nane, mwaka wa 1913, hapa hapa kwetu Tezo. Mramba alikuwa amekaa barazani na kidau chake cha wino, anaandika barua nyingine ya kuomba ukarani. Bei ya mpira ilikuwa imeanguka huko Ulaya, na shamba la mpira alilolitumikia miaka mitano likafungwa kwa siku moja. Mzungu wake alimpa mkono, akampa barua ya sifa, akapanda meli. Miti ikabaki na makovu yake, na mimi nikabaki na mume aliyeamka kila asubuhi kama mtu anayechelewa kazini, halafu akakumbuka.

Wiki saba nilinyamaza. Mimi si mtu wa kunyamaza, waulize majirani. Lakini niliona ana kazi yake ya kuandika, na mtu aliyesoma misheni ukimuingilia kwenye maandishi yake anakutazama kama kuku amekanyaga wino.

Siku ile nilishindwa. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Mzee Kaingu, aliyewekwa na serikali kuwa mkubwa wa upande wetu, alikuwa ametakiwa atoe wanaume wa kwenda kazi ya serikali Mombasa, miezi mitatu. Aliyekuwa na karatasi ya tajiri wake, kwamba fulani ni mtu wangu na yuko kazini, hakuguswa. Asiyekuwa nayo aliandikwa. Mramba aliandikwa. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kuja kuchukuliwa.

Nami nilikuwa na mimba ya miezi saba. Ya tatu hiyo. Ya kwanza na ya pili zote zilitoka katika mwezi huo huo wa saba. Mara ya pili Mramba alikuwa shambani kwenye mpira, nikatokwa damu siku mbili sakafuni, na watu waliokuwapo hapakuwa na mmoja mwenye nguvu ya kunibeba wala mwenye akili ya kumwita. Nilimzika mtoto kabla baba yake hajajua kuwa amezaliwa. Kwa hiyo nilipoona kalamu ile inakwenda taratibu, inapamba herufi za mwanzo, nilitaka kuivunja.

"Hiyo unamwandikia nani?" nikamuuliza.

"Wakala wa meli, Malindi. Wanahitaji karani."

"Nani kasema wanahitaji?"

"Watahitaji."

Nikaketi mkekani mbele yake, kwa shida, mkono mmoja mgongoni. "Mramba, nisomee daftari lako. Lote. Nataka kujua kazi gani inakuitikia na kazi gani haikuitikii."

Akafurahi, maskini. Alidhani nimependezwa. Akafungua ukurasa wa kwanza, akanionyesha mistari aliyoipiga kwa rula. Alikuwa ameandika jina la kila bwana aliyemwomba, na cheo chake, wakubwa juu, wadogo chini. Pembeni palikuwa na alama nyekundu.

"Nyekundu maana yake nini?"

"Amejibu."

Barua za ukarani zilikuwa kumi na sita, na tisa zilikuwa na nyekundu. "Tisa katika kumi na sita!" akasema. "Zaidi ya nusu. Ndiyo maana sikati tamaa, Kabibi. Ukarani ndio unaojibu." Akatoa majibu yenyewe, aliyoyalaza ndani ya Biblia yasikunjike. Karatasi nzuri, nyingine zimepigwa taipu. Akanisomea moja. Bwana anashukuru kwa barua yako, bwana anasikitika kwamba kwa sasa hakuna nafasi, bwana anakutakia heri.

"Nyingine?"

Nyingine nayo bwana alishukuru na kusikitika. Wote tisa walishukuru, wote tisa walisikitika.

Nikamwambia, "Hawa wamekuaga."

"Wamejibu kwa heshima. Kuna watu hawajibiwi kabisa."

Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, na sikucheka, ingawa siku nyingine ningecheka mpaka nishike mbavu. Misheni walimfundisha kuwa barua ya adabu ni jambo kubwa. Akipata barua ya adabu alipiga alama nyekundu, na akiona nyekundu nyingi aliandika ukarani zaidi. Wiki saba alikuwa akikimbilia mahali anapokataliwa vizuri.

"Sikiliza," nikasema. "Mimi sijui kusoma. Lakini najua mara ngapi umeitwa, kwa sababu kila ukiambiwa njoo tukuone, mimi ndiye ninayeifua kanzu. Nashuka kisimani na tumbo hili, naifua, naianika, naikunja, naiwekea kinu juu ili inyooke. Nimeifua mara tano. Niambie mara hizo tano ulikuwa unakwenda kuonwa kwa kazi gani."

Akaanza kupekua daftari.

"Mara ya kwanza," nikamsaidia, "ulikwenda Kilifi, kwa ile kazi ya ukalimani."

"Wakamchukua anayejua Kiarabu."

"Sawa, lakini walikuita. Kazi za ukalimani umeomba ngapi?"

"Nne."

Nilikuwa na mahindi kwenye ungo, nakusudia kuyatwanga. Nikaweka punje nne mkekani, nikasogeza moja pembeni. Kisha nikaweka kumi na sita kwa ajili ya ukarani. "Hapa nisogeze ngapi? Si waliojibu. Waliosema njoo."

Hakunitazama. "Hakuna."

"Zipo ulizozipeleka juzi?"

"Mbili. Zilikwenda wiki iliyopita."

"Hizo tuziondoe, bado ziko njiani, tusizionee." Nikaondoa mbili. Zikabaki kumi na nne, hakuna hata moja iliyosogea. "Kanzu nimeifua mara tano, na tumepata moja. Nne nyingine ziko wapi? Mbona humu daftarini hazimo?"

Zilikuwa ukurasa wa mwisho kabisa, nyuma, kwa penseli, bila rula. Ilibidi nimsogelee ndipo akaufungua. Kazi ya kushika mizani. Watu wa kupima mazao, kwenye maduka ya Wahindi na kwenye ghala la pamba. Aliziomba kwa mdomo tu, alipokuwa akipita kwenda kuziacha barua zake za ukarani dukani kwa Shabbir, ambaye ndiye aliyezipeleka mbele. Hakuona kama ni kuomba kazi. Aliona kama ni kuulizia.

"Ngapi?"

"Tano."

"Na walikuita?"

"Wanne."

Nikaweka punje tano, nikasogeza nne. Hata asiyekwenda shule angeona. Nilitazama zile kumi na nne zimelala pale, nikahesabu kimoyomoyo wiki zilizopotea.

Mramba hakuwa mjinga. Akasema, "Ngoja. Kwenye mizani nilikwenda mwenyewe kwa miguu yangu. Kwenye ukarani nilituma barua. Labda siyo kazi, Kabibi. Labda ni kule kwenda."

Lilikuwa swali la haki, nami nililifikiri. "Katika hizi za ukarani, ziko ulizokwenda mwenyewe?"

Akahesabu kwa vidole. "Tatu. Wakaniambia niache barua mlangoni."

"Basi miguu ilikuwa ile ile. Mlango wa ukarani ulikuacha nje na mlango wa mizani ukakuingiza." Nikamwambia pia kuwa hizi ni punje chache, siwezi kuapa juu yake. Lakini zilikuwa zimebaki siku nne, na mtu mwenye siku nne hangojei punje nyingi.

"Na kama waliniita wanne," akasema polepole, "mbona hakuna aliyenichukua?"

Hilo sikulijua. Aliyelijua ni Dena.

Dena ni mdogo wake Mramba, amezaliwa nyuma yake, na nyumba yao na yetu zinatazamana. Hajui kusoma, anajua jembe. Alikuwa amemwoa Nyevu mwaka uliopita, na mtoto wao alikuwa bado ananyonya. Wiki zile zote saba, barua ikiwa ya kwenda mbali na Mramba amechoka, Dena aliipeleka yeye, na hakuuliza hata siku moja inasema nini. Siku ile alikuwa akipita na mzigo wa fito. Nikamwita.

"Dena, ulikuwapo siku kaka yako alipoonwa na Lakhamshi, yule Mhindi wa duka la mahindi?"

"Nilikuwapo. Nilikuwa nje, lakini mlango ulikuwa wazi."

"Aliulizwa nini?"

Dena akamtazama kaka yake kwanza, kwa heshima. Mramba akainamisha kichwa kumruhusu. "Mhindi alimuuliza, utakaa mpaka msimu wa mahindi uishe? Kaka akamwambia, nitakushikia mizani kwa muda, wakati nangojea nafasi yangu ya ukarani. Halafu akapewa ile ndoano ainue gunia, akaishika hivi." Akaonyesha kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, kama anayeokota panya aliyekufa.

"Na wale wengine watatu?" nikamuuliza Mramba. "Uliwaambia maneno hayo hayo?"

"Nilisema kweli."

"Ulisema kweli!" Nikapiga mkeka kwa kiganja, punje zikaruka. "Mtu anatafuta wa kumpimia mahindi mpaka mwisho, wewe unamwambia utamtoroka! Miaka mitano ulikuwa unafanya nini kule kwenye mpira? Si ulikuwa unapima? Kila jioni watu wanaleta mpira wao, wewe unaning'iniza, unasoma, unaandika. Walikuita karani, lakini mkono wako ulikuwa kwenye mizani."

"Mshika mizani ni mtu wa kutukanwa, Kabibi. Watu wetu wakimwona wanasema huyo ndiye mwizi wa Mhindi. Mimi nimesoma. Baba yako alinipa wewe kwa sababu nilikuwa karani."

"Baba yangu alikupa mimi niwe na watoto," nikasema, na sauti ikanivunjika hapo. "Sitaki kuzika tena peke yangu. Nasema wazi, sitaki. Naogopa."

Mramba akafunika uso kwa mikono yake iliyojaa wino. Alilia. Dena alitua fito chini polepole, akaondoka kwa ncha za vidole, kwa kuwa haifai kumwona kaka yako mkubwa akilia.

Siku ile barua ya wakala wa meli haikumalizwa. Nilijua kwa wanawake wa kisimani kwamba Tribhovan, mfanyabiashara wa Malindi, alikuwa ameshafungua ghala Vitengeni kununua mahindi, na kwamba watu walikuwa wanarudi na magunia yao kichwani. Mpimaji aliyekuja naye alikuwa mgeni, hajui Kigiriama, na mtu akiuliza anakemewa. Tribhovan alikuwa amemwondoa, akatangaza kuwa Jumatano atawatazama watu wengine. Nilimwambia Mramba. Akasema atakwenda. Nikalala usiku ule kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Jumatatu adhuhuri Dena akarudi kutoka kwa Shabbir na barua.

Ilikuwa jibu la mojawapo ya zile mbili tulizoziondoa mkekani. Ofisi ya shamba moja, karibu na Malindi. Mramba aliisoma amesimama, kisha akaisoma tena ameketi, kisha akanisomea. Aje Jumatano saa nne asubuhi aonwe, yeye na wengine walioomba, kwa nafasi ya ukarani.

Jumatano ile ile. Malindi iko kaskazini, Vitengeni iko bara. Hakuna miguu ya binadamu inayoweza zote mbili.

"Umeona?" alisema. Sijapata kuuona uso wake uking'aa hivyo tangu shamba lifungwe. "Umeona? Hukuzionea, na moja imeitika."

Nilitamani kumfurahia. Ningekuwa mke mwema ningemfurahia. Nikachukua punje nyingine, nikaziweka mbele yake, kumi na tano sasa, nikasogeza moja. "Imeitika. Moja katika kumi na tano. Na ya mizani ni nne katika tano. Hii yako inasema wengine walioomba. Wangapi? Hukuambiwa. Wakimaliza kukuona watasema nini? Tutakuandikia. Watakuandikia Ijumaa, na wewe Ijumaa utakuwa Mombasa unabeba mawe. Tribhovan ana mahindi yamerundikwa nje na mvua haina ahadi. Akimpenda mtu, atampenda palepale."

"Lakini huu ni ukarani, Kabibi."

"Najua."

"Ndio niliousomea."

"Najua, baba. Najua." Nilimwita hivyo kwa kuwa nilimhurumia. Mtu kukataliwa wiki saba, halafu siku ya kukubaliwa mkewe ampangie punje za mahindi.

Jioni nilifua kanzu, mara ya sita. Jumanne alfajiri aliivaa juu ya shuka aliyojifunga, akatia barua ya sifa na barua ya wito kifuani, akachukua chakula nilichomfungia. Nilimuuliza, "Unakwenda wapi?" Akasema, "Nakwenda kutafuta kazi." Njia ya kwenda Malindi na ya kwenda Vitengeni zinatoka pamoja hapa kwetu, zinaachana mbele huko nisikoweza kupaona. Nilibaki mlangoni nimeshika tumbo, sijui ameshika ipi.

Jumanne ilikuwa ndefu, Jumatano ikawa ndefu zaidi. Nilikuwa nasikia maumivu mgongoni, nikijiambia ni ya kuinama, kisha nikijiambia ni yale yale ya mara mbili zilizopita. Nyevu alikuja kunikanda, mtoto wake amelala mgongoni kwake, akanisimulia mambo ya kuchekesha ambayo sikuyasikia. Nilimwomba Mulungu wa kwetu, na nilimwomba Mungu wa misheni vilevile, na nikawaambia wote wawili kuwa nina hasira nao.

Alhamisi, jua likiwa bado halijafika kichwani, Mramba alitokea kwenye mihogo. Alikuwa mweupe wa vumbi la mahindi kuanzia nywele hadi magoti.

Sikuuliza. Nilikaa chini hapo hapo nilipokuwa.

Alinisimulia huku anakunywa maji. Pale njia zinapoachana alisimama muda mrefu. Alikuwa ameshageukia Malindi, amekwenda kama mwendo wa kupika uji, kisha akakumbuka zile kumi na nne zilizolala mkekani bila kusogea, akarudi. Vitengeni alimkuta Tribhovan amezungukwa na watu wenye hasira. Walikuwapo waombaji wengine wawili. Mwanamke mmoja mzee alikuwa amekaa juu ya gunia lake, anasema amelipima nyumbani kwake kwa pishi, ni pishi thelathini na sita, na mizani ya mgeni imelipunguza, na hatoki mpaka dunia iishe.

Tribhovan akawaambia waombaji, "Nani ataweza kumwondoa huyu mama bila kumshika?"

Mramba akamwamkia yule mama kwa Kigiriama, akamuuliza mahindi aliyavuna lini na aliyaanika siku ngapi. Kisha akaomba pishi ya mama na mahindi ya watu wengine wawili, mabichi kidogo na makavu sana. Akajaza pishi ile ile mara moja kwa kila mahindi, akaining'iniza mbele ya watu, akaita kwa sauti, kwa lugha yao, uzito wa kila moja. Wakaona kuwa pishi inapima nafasi na mizani inapima uzito, na kwamba mahindi ya mama yalikuwa makavu mno, ndiyo maana yamejaza pishi nyingi na kuvuta kidogo. Akalipima gunia lake mara mbili, akamwacha asogee kuutazama mkono wa mizani mwenyewe. Ratli nne tu ndizo zilizokuwa zimekosewa na yule mgeni, akazirudisha. Mama akainuka juu ya gunia.

"Tribhovan akaniuliza kama nitakaa mpaka msimu uishe," Mramba alisema. "Nikamwambia nitakaa. Akaniuliza na baada ya hapo? Nikamwambia, baada ya hapo kuna simsim." Akacheka, nami nikacheka, tukacheka kama wendawazimu, machozi yakitutoka. Kumbe alikuwa amepima mpaka jua likatua, na alfajiri akaondoka. Tajiri amempa ruhusa ya siku mbili ahame nami, tupewe chumba nyuma ya ghala. Nitakuwa naye. Siku ikifika ya kunibeba, mikono yake itakuwapo.

Akatoa karatasi kifuani. Muhuri wa Tribhovan, jina lake, kazi yake. Mpimaji. Akaliweka neno lile mkononi mwangu, mimi nisiyejua kusoma, nikalipapasa kwa kidole.

Mzee Kaingu alifika baada ya adhuhuri na askari mmoja na wanaume tisa waliokwisha kukusanywa. Tukamwamkia shikamoo. Alionekana amechoka, macho mekundu, fimbo yake ya serikali ameishika kama mzigo. Mramba akampa karatasi. Askari akaisoma, akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Akatoa orodha, akalowesha penseli kwa ulimi, akakata jina.

Nilimshukuru Mungu, yule na yule.

Askari akahesabu majina kwa ncha ya penseli, akamwambia Kaingu, "Sasa wamebaki tisa."

"Wanatakiwa kumi," Kaingu akasema. Hakutuambia sisi, aliiambia fimbo yake. Kisha akamtazama Mramba. "Nimekupa muda mrefu kuliko wote, mwanangu, kwa kuwa nilimjua baba yako. Nikipeleka tisa, wa kumi atakuwa mwanangu mimi. Nyumba iliyotoa jina ndiyo itakayolijaza." Akageuka kuelekea nyumba iliyotazamana na yetu, ambako Dena alikuwa anaezeka paa kwa zile fito zake. "Yule ana karatasi?"

Wiki saba nilikuwa nimehesabu barua, na kanzu, na punje, na siku, na miezi ya tumbo langu. Watu wa Kaingu sikuwahesabu. Niliona ile kumi mara ya kwanza sasa, na nikaona kuwa tangu mwanzo ilikuwa kumi, na kila mlango tuliobisha ulikuwa unafunguka upande wa nyumba ya Dena.

Mramba alisema, "Mzee, nichukue mimi." Alisema kweli, nilimsikia, na hata sasa namshukuru na namchukia kwa neno hilo. Askari akasema haiwezekani, jina lake limeshakatwa, ni mtu wa tajiri.

Dena aliteremka kwenye paa. Nyevu alitoka na mtoto kifuani, akamshika shati, akaanza kupiga kelele ambazo sitazieleza hapa. Dena alimtoa vidole kimoja kimoja, kwa upole, akamwambia kuwa ni miezi mitatu tu na kwamba nyasi za paa zimelowekwa tayari, asiziache zikauke. Kisha akaja hadi barazani kwetu kutuaga. Alimpa kaka yake mkono. Akanigeukia mimi, na usoni hapakuwa na lawama yoyote, alikuwa anataka kujua tu.

"Shemeji," akaniuliza, "mimi ningeomba kazi gani?"